Dawa ya Maumivu ya Bawasiri na Mpasuko: Ipime kwa Choo cha Kesho

Alisimama pembeni ya kaunta mpaka wateja waliomtangulia wakaondoka wote, ndipo akasogea na kusema kwa sauti ya chini: "Dokta, naomba dawa ya maumivu. Ile kali kabisa."

Mimi ni mfamasia, si daktari, lakini kwenye duka letu hapa Mbeya kila aliyevaa koti jeupe ni dokta na nimeshachoka kusahihisha. Nikamuuliza anaumwa wapi. "Mwili tu." Nikamuuliza kama anaweza kukaa, tukaongee vizuri kwenye kile chumba kidogo cha pembeni. Akaangalia kiti, akaniangalia mimi, akacheka kidogo kwa uchungu. "Kukaa ndiyo shida yenyewe, dada."

Ni dereva wa lori, njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma, umri wa miaka 41, kilo 70. Siku tano kabla ya hapo alikuwa amepata choo kigumu baada ya safari ndefu ya chipsi, nyama choma na maji kidogo, maana ukinywa maji mengi unasimamisha gari kila saa. Choo kile kilimchana. Alisikia kama amepitisha kipande cha chupa, akaona damu nyekundu kwenye karatasi, na maumivu ya kuungua yakabaki saa mbili nzima baada ya kutoka msalani. Shemeji yake anayeishi Uingereza alikuwa amemwachia boksi la vidonge. "Hivi ni vikali, hata waliofanyiwa upasuaji wanapewa," aliambiwa. Akaanza kuvimeza.

Nitamrudia mara kwa mara, kwa sababu karibu kila kosa linalofanywa na watu wenye maumivu ya sehemu hiyo yeye alilifanya.

Kwanza, sema unaumwa wapi

Ugonjwa huu una aibu, na aibu hiyo ndiyo inayompa mtu dawa isiyomfaa. Ukimwambia muuza dawa kwamba unaumwa "mwili" au "kiuno", atakupa dawa ya kiuno. Hatakuwa na sababu ya kufikiria choo. Huhitaji maelezo marefu. Sema tu, "Nina maumivu njia ya haja kubwa." Kama watu ni wengi, andika kwenye simu umwonyeshe.

Kisha tofautisha mambo matatu, kwa sababu hayaumi kwa namna moja.

Bawasiri ya ndani kwa kawaida haiumi. Inatoa damu nyekundu, wakati mwingine kinyama kinatokeza na kurudi, lakini ukuta wa ndani inakokaa hauna mishipa ya fahamu ya kuhisi maumivu kama ya ngozi. Mtu mwenye bawasiri ya ndani isiyouma hana kazi na kidonge cha maumivu. Anahitaji kulainisha choo na kuchunguzwa. Bawasiri ya nje, hasa damu ikiganda ndani yake, ni jambo jingine. Unapapasa uvimbe mgumu wa rangi ya zambarau, unauma ukiwa umekaa au umesimama, unazidi kwa siku mbili tatu za mwanzo kisha unaanza kupungua wenyewe, na kwa wengi ndani ya wiki moja hadi siku kumi maumivu huwa yamekwisha.

Mpasuko, yaani mchaniko wa ngozi ya njia ya haja kubwa, nao una saa yake. Unauma wakati choo kinapita, kama wembe, halafu yanakuja maumivu ya pili ya kuungua na kubana yanayoweza kudumu dakika chache au saa kadhaa. Hayo ya pili hayatokani na kidonda peke yake. Misuli ya kubana haja inakakamaa kwa kuumizwa, na ikikakamaa inapunguza damu inayofika kwenye kidonda, hivyo kidonda kinachelewa kupona. Dereva wetu alikuwa na mpasuko, na hilo lilijulikana kwa maelezo yake kabla hajachunguzwa na mtu.

Pili, iulize dawa itafanya nini kwenye choo cha kesho

Mtu mwenye jino au mgongo anaweza kuchagua dawa kwa ukali wake tu. Mwenye mpasuko hawezi, kwa sababu kila siku au kila baada ya siku mbili choo kitapita juu ya kidonda chake. Dawa ikimtuliza leo na kukausha choo cha kesho, imemkopesha nafuu kwa riba.

Kodeini, dawa ya maumivu inayosifiwa kwa ukali, hufanya hivyo hasa. Ni ya jamii moja na mofini, na ini hubadilisha sehemu yake kuwa mofini. Dawa za jamii hii hushika vipokezi vilivyoko kwenye ubongo, na ndiko zinakozima maumivu. Lakini vipokezi vilevile vimejaa kwenye ukuta wa utumbo, katikati ya neva zinazousukuma. Vikishikwa, utumbo unaacha kusukuma mbele. Unabanabana papo hapo bila kusogeza. Choo kinachokaa muda mrefu kwenye utumbo mpana kinaendelea kunyonywa maji. Majimaji ambayo utumbo ungeyatoa kulainisha safari nayo yanapungua. Juu ya hayo, misuli ya ndani ya kubana haja inakuwa ngumu kulegea. Kwa mwenye mpasuko, ambaye misuli hiyo tayari imekakamaa, ni kama kufunga mlango kisha kumwita mgeni aingie na mzigo.

Kuna jambo jingine watu hawaambiwi. Mwili huzoea madhara mengi ya dawa hizi: kichefuchefu cha siku za mwanzo hupungua, usingizi hupungua. Utumbo hauzoei hivyo. Anayemeza kodeini wiki tatu atafunga choo wiki ya tatu kama alivyofunga ya kwanza.

Na ukali unaosifiwa si mkubwa kama sifa zake. Vidonge vingi vya kodeini vimechanganywa na parasetamoli. Vile vyenye kodeini miligramu 8 na parasetamoli miligramu 500, sehemu kubwa ya nafuu yake inatoka kwenye parasetamoli. Unalipa kwa choo kigumu ili upate nyongeza ndogo.

Tramadoli, ambayo huku kwetu inafahamika zaidi kuliko kodeini, iingize kwenye kundi hilohilo. Inafunga choo pia, na ina uraibu wake. Sharubati za kikohozi zenye kodeini nazo hazichagui. Utumbo haujui kwamba uliinywa kwa ajili ya kifua.

Parasetamoli haifanyi lolote kati ya hayo. Inatuliza maumivu zaidi kupitia ubongo na uti wa mgongo, haigusi mwendo wa utumbo, haizuii damu kuganda, na haichubui tumbo. Haina miujiza: haitaulegeza msuli uliokakamaa, na mtu mwenye mpasuko mpya asitegemee kutosikia chochote. Inapunguza makali kiasi cha mtu kuweza kwenda chooni bila kuogopa. Hilo lina thamani yake, kwa kuwa anayeogopa huzuia haja, na haja iliyozuiwa hukauka.

Tatu, soma boksi, si jina lililo mbele

Hapa ndipo dereva alinitisha. Nilimwomba aniletee vile vidonge vya shemeji. Vilikuwa vya mchanganyiko: parasetamoli miligramu 500 na kodeini miligramu 30 kila kimoja. Alikuwa anameza viwili asubuhi, viwili mchana, viwili usiku. Alipoona siku ya nne imefika bila choo na maumivu yamerudi, akaongeza Panadol, viwili mara tatu kwa siku, "kwa sababu hiyo ni ya kawaida tu, haina shida."

Tulihesabu pamoja kwenye karatasi. Vidonge vya Uingereza: 6 mara 500, gramu 3 za parasetamoli. Panadol: 6 mara 500, gramu 3 nyingine. Jumla gramu 6 kwa siku, kwa siku mbili, wakati kikomo cha mtu mzima ni gramu 4. Na kodeini miligramu 180 kwa siku, huku anaendesha lori la tani 30 kwenye mlima wa Kitonga. Hilo la usukani tulilizungumza kwa dakika tatu nzima, na sitalirudia hapa.

Sikumpa dawa yoyote siku ile. Nilimwandikia barua na kumpeleka hospitali kupimwa ini, akiwa hasikii dalili hata moja. Parasetamoli iliyozidi ndivyo ilivyo: siku ya kwanza mtu anaweza kujisikia mzima kabisa, au kichefuchefu kidogo tu, na ini likaonyesha madhara baadaye. Dawa ya kuiondoa makali, asetilisisteini, hufanya kazi vizuri zaidi ikianza mapema, ndani ya saa 8 tangu mtu alipozidisha kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo aliyezidisha asisubiri kuumwa. Majibu ya dereva yalitoka salama. Daktari akamsimamisha parasetamoli kwa siku moja, akamkataza kodeini.

Kwenye boksi tafuta mstari mdogo unaotaja kilichomo. Parasetamoli imo kwenye dawa nyingi za mafua, kwenye vidonge vya kichwa vilivyochanganywa na kafeini, na kwenye vile vilivyochanganywa na diklofenaki. Wanaoletewa dawa kutoka Marekani waijue kwa jina lake la kule, asetaminofeni, ambayo ndiyo iliyomo kwenye Tylenol. Ukikuta jina hilo mara mbili kwenye dawa ulizonazo, chagua moja.

Nne, meza kwa saa ya choo

Kipimo cha mtu mzima mwenye kilo 50 au zaidi ni vidonge viwili vya miligramu 500 kwa mara moja, na visizidi vidonge 8 kwa saa 24. Kati ya dozi na dozi zipite saa zisizopungua 4. Mimi napendelea 6, kwa sababu zinaenea siku nzima bila mtu kuhesabu vibaya.

Mwenye chini ya kilo 50 ameze kidonge kimoja kwa mara, hadi mara nne. Anayekunywa pombe nyingi kila siku, mwenye homa ya ini, au aliyekonda kwa njaa na maradhi, asitumie kipimo kamili kabla hajaulizia. Mara nyingi daktari humwekea kikomo cha gramu 2 kwa siku, yaani vidonge vinne. Mtoto hupimwa kwa kilo zake na kwa sharubati yake, si kwa kukata kidonge cha baba, na mtoto wa chini ya miaka 12 hapewi kodeini kabisa.

Parasetamoli ya kidonge inachukua kama nusu saa hadi saa moja kufanya kazi. Wengi huimeza baada ya kutoka chooni, wakiwa tayari wanalia. Imeze kabla. Na choo hakitabiriki sana, lakini kina mazoea: utumbo mpana huamka baada ya mtu kuamka na kula. Hivyo dereva tulimpangia hivi, baada ya daktari kumruhusu kuanza tena.

Saa 11 alfajiri anaamka, anameza vidonge viwili kwa glasi kubwa ya maji ya uvuguvugu. Saa 11 na nusu anakunywa uji. Kuelekea saa 12 haja ikija anaitikia palepale, haahirishi mpaka kituo kinachofuata. Haikuja, haisukumi wala hakai chooni na simu. Anaendelea na kazi. Baada ya choo anakaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, ambayo ndiyo dawa ya ule msuli uliokakamaa. Akiwa njiani na hana beseni, anajisafisha kwa maji bila sabuni yenye harufu, na beseni linasubiri nyumba ya wageni jioni.

Dozi nyingine ni saa 5 asubuhi, saa 11 jioni na saa 5 usiku. Saa 11, saa 5, saa 11, saa 5: hakuna anayesahau. Siku ya kwanza alitumia zote nne. Siku ya nne alikuwa amebaki na ya alfajiri na ya jioni. Wiki ya pili ya alfajiri tu, na hiyo ndiyo ya mwisho kuachwa.

Uangalizi mdogo kuhusu aina. Vidonge vya kuyeyusha kwenye maji vinafanya kazi haraka kidogo, lakini vina chumvi nyingi ya sodiamu, karibu miligramu 400 kila kimoja. Vinane kwa siku ni chumvi ya kutosha kumsumbua mwenye shinikizo la damu. Na parasetamoli ya kuweka njia ya haja kubwa ni nzuri kwa mtoto anayetapika, ila kwa mwenye mpasuko ni mateso bila sababu. Hili nalisema zaidi kwa ajili ya diklofenaki ya kuweka, ambayo huandikwa sana hospitalini na watu wakaona kwamba, kwa kuwa inawekwa palepale panapouma, ndiyo inayotibu palepale. Haitibu palepale. Inaingia kwenye damu kama nyingine, baada ya kupita juu ya kidonda.

Tano, amua kuhusu ibuprofeni kwa kuangalia damu

Swali hili huulizwa kila wiki: "Kama parasetamoli haitoshi, nichanganye na nini?"

Kama huoni damu kabisa, na kinachouma ni uvimbe wa bawasiri ya nje, ibuprofeni ina nafasi yake kwa sababu inapunguza uvimbe. Miligramu 400 baada ya chakula, hadi mara tatu kwa siku, kwa siku chache. Inaweza kutumika pamoja na parasetamoli kwa kuwa zinafanya kazi kwa njia tofauti.

Kama unaona damu, iache. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini hupunguza uwezo wa chembe sahani za damu kushikana, na aspirini huziharibu kwa maisha yake yote ya siku 7 hadi 10. Kitone kilichokuwa kikikoma chenyewe kinaendelea. Vidonge vya kichwa vya dukani vyenye aspirini ndani yake huleta shida hii bila mtu kujua. Lakini anayetumia aspirini ndogo ya moyo aliyoandikiwa na daktari asiikatishe kwa ajili ya bawasiri. Aende akamwambie anavuja damu.

Wenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa hizi, au mimba iliyofika wiki 20 na kuendelea, waziache hata kama hakuna damu. Kwa mjamzito parasetamoli inabaki ndiyo ya kuanzia, kwa kipimo kidogo kinachotosha na kwa siku chache. Wajawazito nao ndio wateja wakubwa wa bawasiri, na wengi wako kwenye vidonge vya kuongeza damu, ambavyo madini yake ya chuma yanafunga choo. Wasiviache. Waongezewe cha kulainisha.

Anayenyonyesha aikwepe kodeini kwa sababu nyingine kabisa, nzito kuliko choo. Wapo watu ambao ini lao huigeuza kodeini kuwa mofini haraka na kwa wingi kupita kawaida, na mofini hiyo huingia kwenye maziwa. Mtoto anaweza kulala kupita kiasi, akashindwa kunyonya, hata kupumua. Watu wa namna hiyo wapo kila mahali, lakini ni wengi zaidi Ethiopia na kwenye baadhi ya jamii za Kiarabu, kwa hiyo ukanda wetu hauwezi kusema hayo ni ya wengine. Na mpasuko baada ya kujifungua ni wa kawaida mno. Mama akiandikiwa kodeini aulize kama kuna njia nyingine.

Sita, lainisha choo siku ileile unayoanza dawa

Kidonge cha maumivu bila kulainisha choo ni kazi nusu. Dereva tulianza na laktulosi, mililita 15 mara mbili kwa siku. Nilimwonya kwamba inachukua siku mbili hivi kufanya kazi na mwanzoni inajaza gesi, maana watu huiacha siku ya kwanza wakidhani ni bandia. Baadaye akaongeza mboga za majani, maharage, papai, na ugali wa dona badala ya sembe. Maji alipangiwa kwa chupa: moja ya lita moja na nusu iishe kabla ya kufika anakolala.

Kwa aliyekwisha kumeza kodeini kwa siku kadhaa kuna tahadhari moja. Unga wa nyuzinyuzi kama ispagula, ambao kwa wengine ni mzuri sana, si wa kuanzia. Unaongeza ukubwa wa choo, na utumbo uliolazwa na kodeini hauna nguvu ya kukisukuma. Unaweza kuishia na gogo lililokwama. Wanaohitaji msaada hapo hupewa dawa inayovuta maji kama laktulosi pamoja na inayousukuma utumbo kama sena, na daktari wa dereva wetu alimwongezea sena usiku kwa siku tatu. Choo cha kwanza kilikuja siku ya tatu. Kiliuma, alisema, "lakini si kama kile cha chupa."

Aliyetumia kodeini siku tano anaweza kuiacha palepale. Aliyetumia kwa miezi aipunguze kwa mpango wa daktari, la sivyo mwili utamsumbua. Na aliyeandikiwa kodeini baada ya upasuaji wa bawasiri, ambako maumivu ni makali kweli kwa siku za mwanzo, asiitupe kwa sababu ya makala haya. Aulize ameandikiwa nini cha kulainisha choo pamoja nayo, na aanze vyote siku moja.

Kagua pia mfuko wako wa dawa nyingine. Hayosini, ambayo wengi wanaijua kama Buscopan na wanaimeza kwa kila maumivu ya chini ya kitovu, inalegeza utumbo na kufunga choo. Piritoni inaweza kufunga pia, na dawa za kiungulia zenye aluminiamu vilevile. Mtu anaweza kukwepa kodeini kwa uangalifu na akafungwa na dawa ya mafua.

Saba, jua parasetamoli inapofikia mwisho wake

Ukitumia kipimo kamili siku tatu pamoja na kulainisha choo na beseni, na maumivu hayajapungua hata kidogo, usiongeze ukali wa kidonge. Kinachokosekana mara nyingi ni dawa ya mahali penyewe. Malhamu ya lidokaini, ikipakwa kidogo dakika chache kabla ya choo, inafisha ngozi. Itumike siku chache tu kwa sababu inaweza kuleta mwasho. Zile zenye steroidi zisizidi siku saba, maana zinapunguza unene wa ngozi unayojaribu kuiponya. Usipake dawa ya meno, dettol wala majivu. Nimeyaona yote.

Mpasuko mpya mwingi hupona kwa wiki chache. Ukipita wiki 6 hadi 8 unahesabiwa kuwa sugu, na hapo daktari huandika malhamu ya kulegeza msuli: ya diltiazemu, au ya nitrogliserini. Dereva alifika wiki ya saba akiwa bado na maumivu ya nusu saa baada ya choo, akaandikiwa nitrogliserini. Akarudi kwangu siku mbili baadaye akilalamika kichwa. Kichwa ni madhara ya kawaida ya dawa hiyo, na dawa yake ni parasetamoli ileile, ikihesabiwa ndani ya vile vidonge 8. Nilimuuliza pia, mlango ukiwa umefungwa, kama anatumia dawa za nguvu za kiume, kwa sababu zikikutana na nitrogliserini zinaweza kushusha presha kwa hatari. Alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Dokta, bora umeuliza." Alirudi kwa daktari akabadilishiwa diltiazemu.

Kuna maumivu ambayo hayapaswi kutulizwa nyumbani hata kwa parasetamoli. Uvimbe wenye joto, homa na maumivu ya kupwita yasiyojali kama umekwenda choo au la ni jipu, na jipu hupasuliwa. Damu nyingi, damu iliyochanganyika ndani ya choo, choo cheusi kama lami, kukonda bila sababu, au choo kilichobadilika mwenendo kwa wiki kadhaa vinahitaji vipimo, hasa baada ya miaka 40. Kwa wanaoishi kando ya Ziwa Viktoria, damu kwenye choo inaweza kuwa kichocho cha tumbo, na watu wamejitibu bawasiri miezi mingi wakiwa nacho. Mpasuko wa kawaida hukaa katikati, nyuma au mbele. Ulioko ubavuni humfanya daktari atafute ugonjwa mwingine kama kifua kikuu, kaswende au VVU.

Dereva alipona katika mwezi wa tatu wa matibabu. Vile vidonge vya shemeji, vilivyobaki 14, alinikabidhi ndani ya bahasha ya kaki nikaviteketeze pamoja na dawa zilizokwisha muda. Siku hizi akipita kwenda Tunduma huchukua laktulosi chupa moja na Panadol kadi moja, na husimama kwenye kaunta mbele ya watu kama mtu anayenunua sabuni.